Barua niliyoiandika nikiwa kizuka

Barua hii ya kuomba mafao ya kifo ya mume wangu niliiandika mara tatu, nikiwa kizuka, yaani mjane aliye ndani ya eda. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na nusu, na ndani yake nilieleza jinsi mume wangu alivyoanguka, karo ya watoto ilivyosimama na mwenye duka anavyonitumia salamu za deni. Kaka yangu, aliyewahi kuwa karani kwa miaka mingi, aliisoma akiwa amekaa barazani, akaikunja na kunirudishia. Akaniambia, "Dada, mtu atakayeifungua hii hakujui wala hakumjua shemeji. Atatafuta namba ya uanachama, kisha atahesabu karatasi ulizoambatisha. Akikuta karatasi mbili zinapingana, ataiweka kando." Basi kilio changu nikakiacha kwenye ile karatasi ya kwanza, ambayo bado ninayo.

Nayaandika haya kwa sababu wajane watatu wa mtaani kwetu wameshanijia kutaka "ile barua yako". Nimeficha majina ya watu, jina la mfuko na la mwajiri. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti, aliyeajiriwa tangu mwaka 2004. Kila mwezi alikatwa sehemu ya mshahara, mwajiri naye akaongeza kiasi hicho hicho, na fedha hizo zikaenda kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi. Mfuko wa namna hii haulipi pensheni ya kila mwezi. Mwanachama akistaafu hulipwa akiba yake yote kwa mkupuo pamoja na faida iliyopatikana, na akifa kabla ya hapo, mkupuo huo huwa ndio mafao ya kifo. Taarifa ya mwisho aliyoletewa ilionyesha kwamba kufikia tarehe 31 Desemba 2022 alikuwa na shilingi 612,480.

Jambo la kwanza lililotuchelewesha ni wazee wa ukoo, na sisemi kwa kuwalaumu. Walisema fedha hizi ni mirathi, kwa hiyo tusubiri mpaka Kadhi agawe. Nyumba na hisa yake katika mashua ni mirathi, na hizo zilikwenda kwa Kadhi kama inavyopasa. Lakini Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya Kenya ya mwaka 1997, katika kifungu cha 36A, inasema kwamba mwanachama akifa, mafao yake ya mfuko hayahesabiwi kuwa sehemu ya mali ya marehemu inayosimamiwa kimirathi. Wadhamini wa mfuko ndio wanaoyalipa, kwa kufuata kanuni za mfuko wao. Maana yake ni kwamba mjane hahitaji kungoja hati ya usimamizi wa mirathi ndipo aombe. Kama familia, baada ya fedha kupokewa, itapenda kuzigawa kwa mafungu ya kisheria ya dini, hilo ni baina yao na shehe wao, wala mfuko hauwazuii. Nilipomwonyesha ami yake mume wangu kifungu hicho, alikisoma mara mbili, akasema, "Haya, mwanangu, andika."

Jambo la pili lilikuwa tarehe, na hapa ndipo Uswahili wetu uliponifunga. Mume wangu alifariki nyumbani saa tatu usiku, Jumatano tarehe 8 Februari 2023, na akazikwa siku ya pili baada ya sala ya adhuhuri. Kwa hesabu yetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo nyumba nzima ilisema amekufa "usiku wa Alhamisi", na ndivyo ilivyokuwa. Naibu wa chifu alipokuja kujaza fomu ya D2, ambayo ndiyo ya vifo vinavyotokea nje ya hospitali, alimuuliza mzee mmoja siku ya kifo, akajibiwa Alhamisi, naye akaandika tarehe 9. Cheti cha kifo kikatoka na tarehe 9. Barua ya mwajiri nayo ilisema tarehe 8, kwa sababu wenzake wa kazini walipigiwa simu usiku ule ule.

Mimi sikuiona tofauti hiyo. Aliyeiona ni kaka yangu, alipozipanga karatasi zote juu ya mkeka na kusoma mstari mmoja mmoja kwa kidole. Nilisema siku moja ni kitu gani. Akanijibu kwamba kwa karani, mtu aliyekufa mara mbili hajafa bado.

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo ni kumwomba mwajiri abadilishe barua yake iseme tarehe 9. Tuliikataa, kwa kuwa ingekuwa kuifanya karatasi ya kweli iwe ya uongo ili ilingane na iliyokosewa. Hati ya kiapo nayo isingetosha, kwa maana kiapo hueleza tu, hakibadilishi kilichoandikwa katika daftari la serikali. Ilibidi naibu wa chifu aandike kwamba alipewa siku kwa hesabu ya Kiswahili, na kaka yangu aipeleke barua hiyo katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo pamoja na cheti kilichokosewa. Cheti kipya kilichukua wiki tatu, tena ndani ya Ramadhani, wakati ofisi zinafungwa mapema na watu wana funga zao.

La tatu lilikuwa jina. Kitambulisho chake kilimwita mwana wa Swaleh, lakini mwaka 2004 karani wa kazini aliandika Saleh, na mfuko ukalichukua jina hilo mpaka mwisho. Hapa ndipo hati ya kiapo inapofaa, kwa kuwa hakuna daftari la serikali lililokosea. Kuna mtu mmoja mwenye tahajia mbili, na anayemjua anaapa kwamba ni mtu mmoja. Taabu ilikuwa kwamba anayeapa lazima awe mbele ya kamishna wa viapo, nami nilikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Shehe wetu alisema kizuka akiwa na haja anaweza kutoka mchana. Hata hivyo wakili mwenyewe aliona vyepesi kuja nyumbani, akakaa barazani na muhuri wake ndani ya mfuko wa plastiki, akalinganisha uso wangu na kitambulisho, akanisomea kiapo chote neno kwa neno kabla sijatia sahihi.

Karatasi zilipotimia, nikaandika barua ya tatu. Hii hapa.

Langoni, Lamu
8 Mei 2023

Kwa Katibu wa Bodi ya Wadhamini,

KUH: OMBI LA MAFAO YA KIFO YA MAREHEMU MUME WANGU, MWANACHAMA NAMBA (nimeiondoa), ALIYEFARIKI TAREHE 8 FEBRUARI 2023

Mimi ni mjane wa mwanachama aliyetajwa hapo juu, aliyejiunga na mfuko wenu mwaka 2004 na kubaki mwanachama mpaka siku ya kifo chake. Kwa barua hii naomba wadhamini waidhinishe malipo ya mafao yake ya kifo kwa wategemezi wake, kwa mujibu wa kanuni za mfuko.

Taarifa ya akiba ya mwisho tuliyonayo ni ya tarehe 31 Desemba 2022, nayo inaonyesha shilingi 612,480. Stakabadhi ya mshahara wa Januari 2023 inaonyesha kwamba alikatwa mchango wa mwezi huo, na mwajiri amethibitisha kwamba alifanya kazi mpaka tarehe 8 Februari. Kwa hiyo naomba mnithibitishie kwa maandishi kama michango ya Januari na Februari, ya kwake na ya mwajiri, imeshafika kwenu, na kwamba faida itahesabiwa mpaka siku ya malipo. Naomba pia kujulishwa kama wanachama wa mfuko wana bima ya maisha ya kikundi, na kama ipo, utaratibu wa kuidai.

Naelewa kwamba katika fomu ya uteuzi aliyoijaza mwaka 2004, kabla ya ndoa yetu, marehemu alimtaja mama yake mzazi peke yake. Mama huyo alifariki mwaka 2016, na cheti chake cha kifo nimekiambatisha. Kwa kadiri ya ufahamu wangu marehemu hakujaza fomu nyingine. Kama mnayo fomu ya baadaye, naomba nijulishwe.

Wategemezi aliowaacha ni watano: mimi mjane wake, watoto wetu watatu wenye umri wa miaka 15, 11 na 6, na binti yake wa ndoa ya kwanza mwenye umri wa miaka 19, ambaye ni mwanafunzi wa chuo na alikuwa akilipiwa karo na marehemu. Ndoa ya kwanza ilivunjika kwa talaka kabla ya ndoa yetu. Hakuacha mke mwingine, na wazazi wake wote wawili wametangulia.

Kuna mambo mawili katika hati hizi ambayo napenda kuyaeleza kabla hamjaniuliza. Kwanza, jina la baba yake limeandikwa Swaleh katika kitambulisho na cheti cha kifo, na Saleh katika daftari lenu; hati ya kiapo iliyoambatishwa inathibitisha kwamba ni mtu mmoja. Pili, cheti cha kifo cha awali kilikuwa na tarehe 9 Februari kwa makosa. Cheti nilichoambatisha ndicho kilichosahihishwa, na kile cha awali kimerudishwa katika ofisi ya usajili.

Nimeambatisha hati zifuatazo, na nakala zote zimethibitishwa na wakili:

1. Fomu ya madai ya mfuko, iliyojazwa na kutiwa sahihi (halisi).
2. Cheti cha kifo cha marehemu (nakala).
3. Kitambulisho cha kitaifa cha marehemu (nakala).
4. Barua ya mwajiri inayoeleza tarehe ya kuajiriwa, siku ya mwisho ya kazi na tarehe ya kifo (halisi).
5. Taarifa ya akiba ya 31 Desemba 2022 na stakabadhi ya mshahara wa Januari 2023 (nakala).
6. Cheti cha ndoa yetu kutoka ofisi ya Kadhi (nakala).
7. Kitambulisho changu na cheti changu cha PIN ya KRA (nakala).
8. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne (nakala).
9. Cheti cha kifo cha mama mzazi wa marehemu (nakala).
10. Barua ya chifu inayotaja wategemezi wote (halisi).
11. Hati ya kiapo kuhusu jina (halisi).
12. Barua ya benki inayothibitisha akaunti yangu (halisi).

Kuhusu fungu la watoto walio chini ya miaka 18, niko tayari kufuata uamuzi wa wadhamini, ama lilipwe kwangu nikiwa mlezi wao, ama liwekwe katika amana kwa ajili yao.

Kwa kuwa nimo ndani ya eda mpaka katikati ya Juni, naomba mawasiliano yapitie kwa kaka yangu, ambaye jina na namba yake ya simu viko chini ya sahihi yangu. Hata hivyo sijamruhusu kupokea malipo wala kutia sahihi kwa niaba yangu.

Naomba mnigongee muhuri wa kupokea katika nakala ya barua hii, na mnijulishe kwa maandishi kama kuna hati inayopungua.

Wenu mwaminifu,
(sahihi)

Barua imeishia hapo. Yapo machache ndani yake ambayo wale wajane waliniuliza, na yanataka maelezo.

Waliniuliza kwanza kuhusu binti wa miaka 19. Jirani yangu mmoja, aliyenitakia mema kwa namna yake, alinishauri nisimtaje, maana mama yake ameolewa kwingine na "ana wa kumlisha". Niliacha kando swali la kama ningeweza kumtazama mtoto yule usoni siku ya Idi, nikamjibu kwa la ofisini tu. Naibu wa chifu anamjua binti yule tangu alipozaliwa, na barua ya chifu ingemtaja. Fomu yangu ingesema watoto watatu na barua ya chifu ingesema wanne, na faili lingesimama papo hapo. Na wadhamini wakilipa kisha akajitokeza mtegemezi aliyefichwa, aliyeapa uongo ni mimi. Kwa hakika ni binti huyo huyo aliyenitafutia cheti cha kifo cha bibi yake, ambacho hakuna mtu mwingine aliyekumbuka kwamba kinahitajika.

Cheti hicho cha mama mkwe kina uzito kuliko kinavyoonekana. Fomu ya uteuzi ndiyo inayosema marehemu alitaka nani alipwe, na ya mume wangu ilikuwa na jina moja tu. Bila ya ushahidi kwamba mwenye jina hilo hayupo tena, wadhamini wangekuwa wakimngoja mtu aliyezikwa miaka saba kabla. Mume wangu alipokuwa hai, mara kwa mara nilimwambia akajaze fomu mpya, naye akisema, "Nitapita wiki hii." Alipita mbele ya ofisi ile kila siku kwa miaka kumi na sita ya ndoa yetu.

Cheti cha ndoa nusura kinishinde. Kilikuwa ndani ya sanduku pamoja na udi na nguo za harusi, kimekunjwa mara nne, na pale mikunjo ilipokutana wino ulikuwa umekwisha, ndipo hasa palipokuwa na mwaka. Mwaka usiposomeka, karani hawezi kujua kama ndoa ilikuwa kabla au baada ya talaka ya kwanza. Ofisi ya Kadhi ilitafuta daftari la mwaka 2007 na kunitolea nakala mpya yenye muhuri.

Kuhusu hati halisi na nakala, shika hivi: vyeti vyako usivitume. Vinavyokwenda vikiwa halisi ni vile tu vilivyoandikwa kwa ajili ya dai hilo, kama barua ya chifu, barua ya mwajiri na hati ya kiapo, na hivyo navyo uvipige nakala kwanza. Kaka yangu aliipeleka bahasha mwenyewe, akavuka mpaka Mokowe upande wa bara na kupanda basi, akarudi na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa tarehe. Muhuri ule ndio unaokuwezesha kusema "mlipokea tarehe fulani" badala ya "nilituma zamani". Kama wadhamini wangekataa, au wangeamua nisivyoridhika, sheria hiyo hiyo katika kifungu cha 46 inaniruhusu kuomba kwa maandishi kwamba Afisa Mkuu wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, aupitie uamuzi wao, na huko ningeanza kuulizwa tarehe.

Hatukufika huko. Jibu lilikuja mwezi Juni, na lilitaka kitu kimoja nilichokisahau: binti wa miaka 19 ni mtu mzima, hivyo fungu lake haliwezi kupita kwangu, naye alete PIN na akaunti yake mwenyewe. Walinijulisha pia kwamba bima ya kikundi haipo, na kwamba mchango wa Januari ulikuwa umefika lakini wa Februari bado. Waliuandikia upande wa mwajiri, ukaletwa. Kama nisingeuliza, sidhani kama kuna mtu angeutafuta.

Wadhamini waligawa asilimia 40 kwangu na 15 kwa kila mtoto. Fungu la wale watatu wadogo waliliweka katika amana, ambayo karo hulipwa moja kwa moja kwa shule. Mwanzoni jambo hilo liliniuma kidogo, kama kwamba siaminiki na wanangu mwenyewe, lakini tangu hapo sijaona mtu wa ukoo akija kunikopa fedha za watoto.

Mwezi Septemba, eda ikiwa imekwisha, nilikwenda mwenyewe kutia sahihi hati ya kukubali malipo. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Alinikaribisha kiti, akaniita mama, akafungua faili na kuniuliza, kwa ajili ya kulinganisha tu, marehemu alifariki lini. Nikamwambia usiku wa Alhamisi. Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi, nami nikamwahi: "Jumatano, mwanangu. Andika Jumatano, tarehe 8, saa tatu usiku."